Sentimita 74: namna mdogo wangu alivyompata mwajiri anayefikika kweli

Mdogo wangu ni mhasibu. Mwaka wa pili baada ya kuhitimu chuo alipata ajali ya bodaboda, akaumia uti wa mgongo, na tangu hapo anatumia kiti mwendo. Kazi ya kwanza baada ya ajali aliipata mapema kuliko tulivyotarajia, kwenye kampuni kubwa iliyo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Aliiacha baada ya miezi mitano, akiwa na kidonda cha mgandamizo, kile kinachotokana na kukaa muda mrefu mkao mmoja, na maambukizi ya njia ya mkojo yaliyomrudia mara tatu. Kazi ya pili anaifanya hadi leo. Nazieleza zote mbili kwa sababu tangazo la kazi ya kwanza lilikuwa zuri kuliko la pili, na kama tungeendelea kuchagua waajiri kwa kusoma matangazo tungekosea tena.

Tangazo la ile kampuni ya kwanza lilisema kwamba ni mwajiri anayetoa fursa sawa kwa wote na kwamba watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Siku ya usaili tulikuta ngazi nne mlangoni. Walinzi wawili wakamnyanyua yeye na kiti chake hadi ndani, tukawashukuru sana. Nami niliyefanya kazi ya rasilimali watu kwa miaka tisa nilishukuru, sikujiuliza itakuwaje kesho yake, wiki ijayo, au siku mlinzi mmoja atakapokuwa likizo. Ofisi ilikuwa ghorofa ya sita. Lifti ilikuwepo, lakini jenereta la jengo liliwasha taa na kompyuta tu. Umeme ulipokatika jioni moja, wenzake walishuka kwa ngazi, yeye akabaki juu hadi saa 3 usiku.

Kilichomwondoa pale hasa ni choo. Kwa asiyeijua hali hii naomba nieleze wazi, maana ndiyo kiini cha kisa chote. Mtu mwenye jeraha kama lake hasikii mkojo ukijaa, na kibofu hakijimwagi chenyewe. Anatumia katheta, mrija mwembamba, kila baada ya saa 4 hadi 6. Mdogo wangu alikuwa anatoka nyumbani Tabata saa 12:30 asubuhi na kurudi saa 1 usiku. Hizo ni zaidi ya saa 12, kwa hiyo ni lazima aingie chooni mara mbili akiwa kazini, mahali penye maji, sabuni, sehemu safi ya kuweka vifaa, na nafasi ya kuingia na kiti na kufunga mlango. Pale ofisini choo chenye alama ya kiti mwendo kilikuwepo, alama mpya kabisa ya bluu. Ndani kulikuwa na mifagio, ndoo na maboksi ya karatasi za mashine ya kuchapisha. Ufunguo alikuwa nao dada wa usafi ambaye zamu yake iliisha saa 8 mchana. Basi mdogo wangu akajifunza kutokunywa maji. Mtu wa katheta asiyekunywa maji hukaribisha maambukizi, na homa ilipokuja, kile kidonda alichokaa nacho akaona aibu kukisema kikawa kikubwa.

Hakuna aliyemchukia pale, na hilo nalisisitiza. Bosi wake alimpenda, wenzake walimsaidia. Lakini alipoomba choo kifunguliwe, ombi lilikwenda kwa msimamizi wa jengo, naye akasema jengo ni la mwenye nyumba, mwenye nyumba akasema waliokigeuza stoo ni kampuni yenyewe. Miezi mitano ombi lilizunguka. Kampuni ilikuwa na sera ya ujumuishi, tena iliyoandikwa vizuri, ila haikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kujibu.

Alipopona na kuanza kutafuta upya, tulikubaliana jambo moja: hatuulizi tena kama mwajiri anapokea watu wenye ulemavu. Swali hilo kila mtu hujibu ndiyo. Tutaomba kitu kimoja mahususi, kinachopimika, kabla ya usaili, kisha tutazame ombi linapita wapi na linarudi na nini.

Kwanza aliandika karatasi ya mahitaji, nusu ukurasa. Hakuandika jina la ugonjwa wala historia ya ajali. Aliandika upana wa kiti chake kuanzia ukingo wa gurudumu moja hadi la pili, sentimita 63. Njia ya kuingilia isiyo na ngazi. Mlango wa choo wenye uwazi wa sentimita 80 au zaidi, na ndani nafasi ya kugeuza kiti, ambayo ni duara la sentimita 150. Meza ambayo chini yake magoti yanaingia, yaani uwazi wa sentimita 70 hivi kutoka sakafuni. Na saa za kazi kuanzia saa 3 badala ya saa 2, kwa sababu saa za msongamano dereva wa bajaji hachukui abiria mwenye kiti cha kukunja. Karatasi hiyo ilimsaidia yeye mwenyewe kabla haijamsaidia mwajiri, kwa kuwa aliona ni mambo matano tu, na manne kati yake hayahitaji fedha nyingi.

Kisha orodha ya waajiri. Tulianza na sheria, si kwa nia ya kumshtaki mtu bali kwa hesabu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kampuni ya watu 120 basi inapaswa kuwa nao wanne hivi. Hilo linakupa swali zuri la kuuliza watu wanaofanya kazi humo: wako wangapi, na wako idara gani? Ukisikia wapo watatu, wote wa mapokezi au usafi, na hakuna aliyehama kutoka hapo kwa miaka, umeshajua jambo. Kampuni moja iliyokuwa juu kabisa kwenye orodha yetu ilianguka kwa swali hilo.

Kuna pia kampuni zilizosaini mkataba wa mtandao wa biashara na ulemavu unaosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani, na baadhi huutangaza vizuri. Sisi hatukuupuuza mkataba huo, ila tulijifunza kuusoma kwa uangalifu. Husainiwa na makao makuu, mara nyingi nchi nyingine, wakati choo utakachotumia wewe kiko kwenye jengo la kupanga Dar es Salaam. Mkataba unakupa haki ya kuuliza swali lako kwa ujasiri na kuutaja kwa jina. Hauelezi mlango una upana gani.

Chanzo kilichozaa zaidi kilikuwa watu. Vyama vya watu wenye ulemavu vina wanachama waliotawanyika maofisini: CHAWATA kwa wenye ulemavu wa viungo, CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, na SHIVYAWATA ambalo ni shirikisho lao. Mdogo wangu alipata namba za watu watatu waliokuwa kazini kwenye kampuni zilizo kwenye orodha yake. Hakuwauliza kama wanatendewa vizuri, kwa sababu swali hilo hujibiwa kwa heshima ya mwajiri. Aliwauliza: mara ya mwisho ulipoomba kitu kazini, ulimwomba nani, na kilichukua siku ngapi? Kaka mmoja kiziwi alimjibu kwa wasapu kwamba aliomba mkalimani wa lugha ya alama kwa ajili ya kikao cha mwaka, akapewa jina la mtu wa kumwandikia, na mkalimani akafika. Wa pili aliandika maneno mawili tu: "Niombe nani?"

Kwa upande wa serikali mambo yana mpangilio wake, na sitakaa sana hapo. Maombi hupitia Ajira Portal, na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwataka waombaji wenye ulemavu waainishe ulemavu wao kwenye mfumo. Huko ni vizuri kuusema mapema, maana maandalizi ya kituo cha usaili yanategemea taarifa hiyo. Ugumu ni kwamba ukifaulu unapangiwa kituo, huchagui jengo. Mdogo wangu aliomba nafasi mbili, akaitwa usaili wa moja, hakupata. Hajaacha kuomba.

Kwa kampuni binafsi alifanya tofauti. Hakuandika habari ya kiti mwendo kwenye wasifu wala kwenye barua ya maombi. Najua wapo wanaoona huko ni kuficha. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza nikipanga barua mia mbili kwa mchana mmoja, na nimeona namna mtu aliyechoka anavyotafuta sababu ya kupunguza rundo. Jina lako likishaingia kwenye orodha ya usaili, mtu ameshasoma sifa zako na kuzikubali. Hapo ndipo alipotuma barua pepe hii, ile ile kwa wote:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa kunialika kwenye usaili. Natumia kiti mwendo chenye upana wa sentimita 63. Ili nijiandae naomba kufahamu mambo matatu. Kutoka getini hadi chumba cha usaili kuna ngazi ngapi, na kuna njia isiyo na ngazi? Mlango wa choo nitakachotumia una uwazi wa sentimita ngapi, fremu hadi fremu? Kama chumba kiko ghorofani, je, lifti hufanya kazi umeme ukikatika? Picha za simu zinatosha. Majukumu yote yaliyotajwa kwenye tangazo nayamudu na niko tayari kupimwa kwa kazi ya vitendo."

Alikuwa ameomba sehemu 11 na kuitwa nne. Moja haikujibu kabisa, ikampigia asubuhi ya usaili kuuliza mbona hajafika. Ya pili ilijibu ndani ya dakika 20: karibu sana, ofisi yetu ni rafiki kwa watu wote, usiwe na wasiwasi. Ya tatu iliuliza kama angeweza kufanya usaili kwa simu ya video, bila kugusa swali hata moja kati ya matatu. Ya nne, kampuni ya kupokea na kusafirisha mizigo iliyoko Barabara ya Nyerere, ilikaa kimya siku nne. Siku ya tano ikaja barua ya msimamizi wa utawala yenye picha sita. Mlango wa mbele una ngazi tatu. Nyuma kuna rampu ya mizigo. Ofisi iko chini, hakuna ghorofa. "Mlango wa choo nimeupima, una sentimita 74. Naona hautakutosha vizuri. Siku ya usaili tunaweza kutumia choo cha ofisi ya mkurugenzi, kina sentimita 82. Nijulishe."

Mama alipoisoma alisikitika. Alisema, hao wamekwambia wazi kwamba hawafai, nenda kwa hao waliokukaribisha. Mimi niliona kinyume. Ili barua ile iandikwe, kuna mtu aliinuka kitini, akatafuta futi, akaenda chooni akainama akapima, akagundua tatizo, na kabla ya kulituma akatafuta njia nyingine. Siku nne zilikuwa za kazi hiyo. Ile ya dakika 20 ilikuwa nakala iliyoandikwa zamani. Hata hivyo alikwenda sehemu zote mbili ili alinganishe, na waliomkaribisha walikuwa na ngazi tano na mlango wa choo usiopitisha hata kiti cha mtoto.

Usaili wenyewe nao hupima mwajiri. Ile kampuni ya karibu-sana ilimuuliza atafikaje kazini mvua ikinyesha, nani anamhudumia nyumbani, na kama anatarajia kupona. Barabara ya Nyerere walimpa kompyuta na taarifa ya benki isiyolingana na leja, wakamwambia aoanishe kwa dakika 40. Baada ya hapo meneja wa fedha akauliza swali moja tu linalohusu kiti: "Mwisho wa mwezi tunatembelea ghala kuhesabu mali, sakafu ina vifusi. Wewe ungependa tulifanyeje?" Wakazungumza kazi.

Walipompa barua ya ajira hakusaini siku hiyo. Aliomba aje siku ya kawaida ya kazi aone atakapokaa, nami nikaenda naye na futi ya fundi. Nawashauri watu wafike asubuhi wakati ofisi inajaa, wakae saa mbili au zaidi, na watumie choo kweli, si kukichungulia. Pale tulijifunza kitu ambacho picha hazikuonyesha. Mlango wa sentimita 74 unapitisha kiti cha 63 ukiingia kwa mstari ulionyooka. Lakini korido yao ilikuwa na upana wa mita moja, na mlango uko ubavuni, kwa hiyo ni lazima ugeuke robo duara ukiwa ndani ya korido. Kiti kina urefu pia, na kilikwama kikiwa mshazari, kona ya nyuma ukutani na sehemu ya miguu kwenye fremu. Zaidi ya hapo mlango ulifunguka kwa ndani, ukala nusu ya nafasi ya kugeukia. Fundi wao alitazama, akasema suluhisho si moja bali mawili: kupanua uwazi hadi sentimita 90 ili kona ikatike, na kuugeuza mlango ufungukie nje. Ilikuwa ni kubomoa matofali machache na kusogeza fremu. Nyundo ingelia siku moja na nusu.

Rampu ilikuwa ngumu zaidi. Ngazi tatu za mbele zilikuwa na kimo cha sentimita 17 kila moja, jumla 51. Kanuni ya kawaida ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele, kwa hiyo rampu ya mtu kujisukuma mwenyewe ingekuwa na urefu wa mita 6 na kitu. Mbele ya jengo kulikuwa na mita 4 tu hadi kwenye mfereji. Rampu ya nyuma ya mizigo ilikuwa na mita 4 kwa kimo kile kile, mteremko ambao aliweza kushuka kwa hofu na asingeweza kupanda bila kusukumwa. Hapa ndipo waajiri wengi hujenga rampu fupi ya saruji inayopendeza kwenye picha na kumpindua mtu kwa nyuma. Nimeziona nyingi, hata kwenye majengo mapya. Hawa walikubaliana na mwenye jengo rampu ipite ubavuni ikifuata ukuta, na kwa kuwa idhini ingechukua muda, mdogo wangu akakubali kuingilia mlango wa mizigo kwa miezi miwili, akisukumwa na mtu mmoja anayejulikana kwa jina.

Kukubali mlango wa nyuma si jambo dogo, na wapo watakaolaumu. Sharti lake lilikuwa tarehe. Mambo manne yaliandikwa kwenye kiambatisho cha mkataba: choo kabla ya siku ya kwanza ya kazi, rampu ndani ya siku 60, saa za kazi saa 3 hadi saa 12, na jina la mhusika wa kuandikiwa jambo lolote la ufikivu, pamoja na naibu wake. La nne ndilo nililoling'ang'ania mimi. Meza waliishughulikia hapo hapo kwa kuondoa droo ya katikati.

Mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza, na sisemi hilo si kitu. Alipiga hesabu ya dawa, bajaji za hospitali na wiki alizokaa kitandani kule alikotoka, akaona tofauti imekwisha. Kuna yasiyokwisha pia. Tawi la bandarini liko ghorofani bila lifti, hivyo ukaguzi wa huko unafanywa na mwenzake na yeye anapitia nyaraka zilizochanganuliwa. Siku ya kupandishwa cheo tawi hilo litakuwa hoja, na anajua.

Choo kilikamilika siku mbili kabla ya kuanza kazi. Rampu ilichelewa, ikafika siku ya 81, na kila wiki ya kuchelewa alipata ujumbe wa yule msimamizi wa utawala ukieleza imekwama wapi. Mwezi wa saba alikuta maboksi matatu ya karatasi yamepangwa chooni, pembeni ya sinki. Alipiga picha, akaituma saa 4:10 asubuhi kwa jina lililoandikwa kwenye kiambatisho. Saa 5 kasoro alinipigia, nami nikaanza kuuliza kwa hofu kuna nini. "Hamna, dada," akasema. "Nilitaka tu ujue wameshayatoa."